Teki homu na kadi ya bima: ofa tatu za kazi, familia moja

Watu wanaobadilisha kazi huulizana swali moja tu: wanakupa ngapi? Jibu huwa ni mshahara ghafi, tarakimu iliyoandikwa kwa wino mzito kwenye barua ya ajira. Suala la bima ya afya linakaa ukurasa wa pili, katika mstari mmoja unaosema mwajiri atatoa bima "kwa mujibu wa utaratibu wa kampuni". Katika ofa tatu nitakazozipima hapa, mstari huo una uzito kuliko tofauti ya laki moja ya mshahara.

Tumchukue Asha, mhasibu wa Dar es Salaam. Ana mume anayefanya biashara yake mwenyewe na watoto wawili, na mezani kwake kuna ofa tatu kutoka kampuni binafsi. Asha na kampuni zake nimewatunga, na bei za bima binafsi nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike kirahisi. Viwango vya kodi na vya mifuko ya umma ndivyo vinavyotumika Tanzania Bara.

Ofa ya kwanza ni mshahara wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, na bima ni ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara: mwajiri anatoa 3, mwajiriwa anakatwa 3. Ofa ya pili ni 1,300,000, na kampuni imeingia mkataba wa kikundi na kampuni binafsi ya bima. Mwajiri anamlipia Asha mwenyewe, shilingi 50,000 kwa mwezi. Akitaka mume na watoto waingie, gharama yao, shilingi 110,000 kwa mwezi, inakatwa kwenye mshahara wake. Ofa ya tatu ni 1,350,000 bila bima yoyote. Kila mtu ajitegemee. Ili hesabu isiwe na vikorokoro, tuseme hakuna posho: mshahara wa msingi ndio huohuo mshahara ghafi.

Kabla ya kufika kwenye bima, kila mshahara unapita milango miwili. Wa kwanza ni NSSF, ambako mwajiriwa hukatwa asilimia 10. Wa pili ni PAYE, kodi ya mapato inayokatwa na mwajiri. Kodi hii hupigwa kwenye kinachobaki baada ya NSSF, na inapanda kwa ngazi. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, kiwango kilichoshushwa kutoka 9 mwaka 2021. Hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni 25, na kila shilingi inayozidi milioni hutozwa asilimia 30. Mtu mwenye kipato cha kutozwa kodi cha milioni moja kamili analipa 128,000.

Tuanze na ofa ya kwanza. Kutoka 1,200,000 toa NSSF 120,000, inabaki 1,080,000. PAYE yake ni 128,000 kwa ile milioni, na asilimia 30 ya 80,000 iliyozidi, yaani 24,000, jumla 152,000. Mkononi zinabaki 928,000. Sasa ndipo mchango wa NHIF unapokatwa: asilimia 3 ya 1,200,000, sawa na 36,000. Teki homu ni 892,000.

Ofa ya pili: kutoka 1,300,000 NSSF inachukua 130,000 na PAYE 179,000. Zinabaki 991,000. Mpaka hapo Asha anaona ofa hii imeipita ya kwanza kwa karibu laki moja. Lakini mume na watoto wakiingizwa kwenye bima, zinatoka 110,000, na teki homu inakuwa 881,000. Mshahara uliokuwa mkubwa kwa laki moja umeishia kuwa mdogo kwa shilingi 11,000.

Ofa ya tatu inapendeza kuitazama. Kutoka 1,350,000, NSSF ni 135,000, PAYE 192,500, na mkononi zinabaki 1,022,500. Imevuka milioni! Ila Asha bado hana kadi ya bima. Akienda kuinunua mwenyewe, tumfanyie wema tuseme atapata bei ileile ya kikundi, 160,000 kwa mwezi kwa watu wanne, ingawa mtu binafsi kwa kawaida huuziwa ghali kuliko kikundi. Atabaki na 862,500. Tena kampuni ya bima mara nyingi hutaka ada ya mwaka mzima mwanzoni, shilingi 1,920,000 kwa mkupuo, na mwajiri hayupo wa kumkatia kidogokidogo.

Ukizipanga ofa kwa mshahara ghafi, ya tatu inaongoza, ya pili inafuata, ya kwanza ni ya mwisho. Ukizipanga kwa pesa inayobaki baada ya familia nzima kuwa na kadi, mpangilio unapinduka kabisa: 892,000, kisha 881,000, kisha 862,500.

Kwa nini? Sababu ya kwanza iko kwenye namna bei inavyowekwa. NHIF kwa mwajiriwa haiulizi una watu wangapi nyumbani. Inauliza mshahara wako. Asilimia ile ile inamwingiza mchangiaji, mwenza wake, na wategemezi wasiozidi wanne. Mwenye watoto wawili hakatwi zaidi ya asiye na mtoto. Bima binafsi inahesabu vichwa. Kila anayeongezwa ana bei yake, na umri ukisogea bei inasogea.

Kwa hiyo mgeuze Asha awe kijana asiye na mke wala mtoto, anayetafuta kadi ya mtu mmoja. Ofa ya kwanza bado inamwachia 892,000, kwa sababu asilimia 3 haijapungua hata senti. Ofa ya pili inamwachia 991,000 zote, maana mwajiri amekwisha kumlipia na hana wa kumwongeza. Ofa ya tatu, akijinunulia bima kwa 50,000, inamwachia 972,500. Kwake ya pili ndiyo bora, na ya kwanza inamtia hasara ya shilingi 99,000 kila mwezi akilinganisha na ya pili. Barua za ajira ni zilezile, kilichobadilika ni watu walioko nyumbani.

Kuna jambo la wazazi hapa ambalo wengi hulisahau wakati wa kupiga hesabu. Nafasi nne za wategemezi wa NHIF zinaweza kuwekwa wazazi wa mchangiaji, hata wakwe. Bima nyingi binafsi za kikundi huishia kwa mwenza na watoto, na zinazokubali wazee huwa na bei ya kutisha au ukomo wa umri. Asha ana nafasi mbili zilizobaki. Akiwaweka mama na baba yake, teki homu yake inabaki 892,000 vilevile, lakini pesa aliyokuwa akituma nyumbani kila mzee anapougua inapungua. Hilo halitaonekana kwenye slipu ya mshahara popote, na kwa familia zetu pengine ndilo kubwa kuliko yote niliyoyaandika hapa.

Upande wa pili wa asilimia ni kwamba inapanda na mshahara, huku huduma ikibaki ileile. Mwenye 500,000 anakatwa 15,000. Mwenye 3,700,000 anakatwa 111,000, na mwajiri wake anaweka nyingine 111,000 juu yake. Katika mfano wetu, hapo ndipo mchango wa asilimia 3 unapoipita ile 110,000 ya kuingiza familia kwenye bima ya ofa ya pili. Mtu wa mshahara mkubwa mwenye familia ndogo anachangia wengine, na ndivyo bima ya jamii ilivyokusudiwa tangu sheria ya NHIF ilipotungwa mwaka 1999. Mimi sioni ubaya wake, ila anayelinganisha ofa za kazi anapaswa kulijua.

Sababu ya pili ya ofa kubwa kuishia ndogo imejificha zaidi, nayo ni kodi. Rudi utazame mpangilio wa makato ya Asha: NSSF kwanza, kisha PAYE, halafu bima. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii unapunguza kipato kinachotozwa kodi, lakini mchango wa bima ya afya wa mwajiriwa haupunguzi. Asha analipa zile 36,000 kwa pesa ambayo serikali imekwisha kuitoza. Upande wa mwajiri ni tofauti kabisa. Sheria ya Kodi ya Mapato haihesabu kuwa sehemu ya mshahara malipo ya matibabu, au ya bima ya matibabu, anayoyafanya mwajiri kwa ajili ya mwajiriwa, mwenza wake na watoto wasiozidi wanne, ilimradi huduma hiyo itolewe kwa wafanyakazi bila ubaguzi. Kwa hiyo 36,000 za mwajiri zinafika NHIF zikiwa nzima, bila kukatwa NSSF wala PAYE njiani.

Hapo ndipo shilingi ya mwajiri na shilingi ya nyongeza ya mshahara zinapoachana. Tuseme Asha ameichukua ofa ya kwanza na baada ya mwaka anataka nafuu ya 36,000 kwa mwezi. Ana njia mbili za kuomba. Anaweza kuomba mshahara uongezwe, au anaweza kuomba mwajiri abebe asilimia zote 6.

Akiomba nyongeza, kila shilingi inayoongezwa inakatwa senti 10 za NSSF, na senti 90 zilizobaki zinakatwa asilimia 30 ya kodi, yaani senti 27. Anabaki na senti 63 kabla ya makato ya bima. Ili zifike mkononi 36,000 mwajiri lazima aongeze mshahara kwa 57,143. Na mwajiri naye ana asilimia 10 yake ya NSSF ya kuweka juu ya nyongeza hiyo, kwa hiyo inamgharimu 62,857, bado hatujagusa tozo ya kuendeleza ufundi stadi wala Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambazo nazo hupigwa kwenye mshahara. Na kwa kuwa Asha yuko NHIF, nyongeza hiyo pia inapandisha mchango wa bima wa pande zote mbili, jambo ambalo hesabu hizi hazijaliweka. Mwajiri akibeba mchango mzima, nafuu ileile ya 36,000 inamgharimu 36,000.

Kama Asha alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, pengo ni kubwa zaidi. Bodi hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo kila shilingi ya nyongeza inabaki senti 48. Zile 36,000 zitahitaji nyongeza ya 75,000. Nimeona wahitimu wakishangilia nyongeza ya 75,000, kisha mwisho wa mwezi wanakwenda kuuliza uhasibuni pesa nyingine imeenda wapi. Haijaibwa. Imepita milango yote mitatu.

Kwa upande mwingine, sipendi mtu wa mshahara mdogo akimbilie hoja hii kama ilivyo. Mwenye 500,000 yuko kwenye ngazi ya asilimia 8. Nyongeza yake ya shilingi moja inamwachia karibu senti 83 kabla ya makato ya bima na mkopo. Mchango wake wa 15,000 unafidiwa na nyongeza ya kama 18,100. Kwake tofauti kati ya kuongezwa mshahara na kulipiwa bima ni ndogo, na nyongeza ya mshahara ina faida zake: inakuza akiba ya NSSF, na likizo, kiinua mgongo na hata mkopo wa benki hupimwa kwa mshahara, si kwa bima.

Ile kauli ya "bila ubaguzi" nayo ina meno. Kampuni haiwezi kumfanyia Asha peke yake kwa sababu ni mhasibu hodari, ikawaacha madereva na wahudumu. Ikifanya hivyo, malipo yale yanapoteza msamaha na kuhesabiwa kama mapato yake. Ndiyo maana ombi la mtu mmoja kwa ofisi ya utumishi mara nyingi hujibiwa hapana, wakati ombi lile lile likiletwa na wafanyakazi wote, au na tawi la chama cha wafanyakazi wakati wa kujadili mkataba wa hali bora, lina nafasi ya kusikilizwa. Mwajiri ana sababu ya kulisikiliza: ni nafuu kwake kuliko nyongeza.

Tuvuke mpaka kidogo, kwa kuwa wapo Watanzania wanaofanya kazi Nairobi na Wakenya walioko Arusha na Dar es Salaam, na hukutana na mgawanyo uliopangwa kinyume. Kenya ilianza kukata mchango wa SHIF, mfuko wake wa bima ya afya ya jamii, mnamo Oktoba 2024. Ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, usiopungua shilingi 300 za Kenya na usio na kikomo cha juu, na wote unatoka kwa mwajiriwa. Mwajiri hana sehemu. Mpango wa zamani wa NHIF ya Kenya ulikwenda kwa ngazi, kuanzia 150 na kuishia 1,700. Mwenye mshahara wa 100,000 alikuwa akikatwa 1,700, sasa anakatwa 2,750. Ukisikia hivyo unaona ameumizwa kwa 1,050.

Lakini angalia kodi. Mchango wa zamani ulirudisha nafuu ya asilimia 15, shilingi 255, hivyo uligharimu 1,445 halisi. Tangu mwisho wa Desemba 2024 mchango wa SHIF unatolewa kabla ya kodi kupigwa. Mtu huyu yuko ngazi ya asilimia 30, kwa hiyo 2,750 zinamwokoa 825 za PAYE, na gharama halisi ni 1,925. Teki homu yake imepungua kwa 480. Ni maumivu, ila si yale yanayoonekana kwenye mstari wa makato. Mwenye 500,000, kwa kukosekana kikomo, anakatwa 13,750, na huyo hawezi kufarijiwa na hesabu yoyote ya kodi.

Kwa hiyo Tanzania mwajiri anachangia nusu lakini nusu ya mwajiriwa haina nafuu ya kodi; Kenya mwajiri hachangii lakini mchango wa mwajiriwa una nafuu. Mtu anayehama asichukue asilimia mbili tu akazilinganisha, 3 kwa 2.75, akadhani amemaliza.

Turudi kwenye ofa ya pili ya Asha, maana ina mtego ambao hauonekani mwaka wa kwanza. Bima binafsi ya kikundi huwekewa bei upya kila mwaka. Wafanyakazi wakiugua sana mwaka huu, kampuni ya bima itakuja na bei mpya mwakani. Tuseme bei imepanda kwa asilimia 20. Bima ya Asha mwenyewe inakuwa 60,000, ya familia 132,000. Nani anabeba ongezeko?

Inategemea maneno ya mkataba. Kama yanasema "mwajiri atamlipia mwajiriwa bima ya afya", mwajiri anabeba 10,000 zilizoongezeka kwa Asha, na Asha anabeba 22,000 za familia. Teki homu inashuka hadi 859,000. Kama mkataba unasema "mwajiri atachangia shilingi 50,000 kwa mwezi", kiasi cha mwajiri kimegandishwa hapo, na ongezeko lote la 32,000 linamwangukia Asha. Anashuka hadi 849,000, na mshahara wake ghafi haujaguswa hata shilingi. Bei imepanda kwa asilimia 20, makato yake yamepanda kwa 29. Mkataba unaogawa kwa asilimia, kwa mfano mwajiri theluthi mbili na mwajiriwa theluthi moja, angalau huwapandisha wote kwa kasi moja.

Kati ya miundo hiyo, mimi naiogopa zaidi ile ya kiasi kilichogandishwa. Mwajiri anayeitumia anasema kweli kwamba hajapunguza mchango wake, na mfanyakazi anasema kweli kwamba kipato chake kimepungua.

Kuna gharama nyingine ya bima binafsi ambayo haipiti kwenye slipu: malipo ya dirishani. Baadhi ya mikataba humtaka mgonjwa alipe kiasi fulani kila anapokwenda kumwona daktari. Na karibu zote zina kikomo cha mwaka, kimoja kwa wagonjwa wa nje, kingine kwa kulazwa, kingine kwa meno na macho. Kikomo cha wagonjwa wa nje kikiisha Septemba, miezi mitatu iliyobaki familia inalipa mfukoni huku makato yakiendelea kama kawaida. Kabla ya kusema bima hii ni nzuri kwa sababu inakubalika hospitali kubwa, uliza kikomo cha wagonjwa wa nje ni cha kila mtu au cha familia nzima kwa pamoja. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, jibu hilo ni pesa.

NHIF nayo ina mipaka yake. Inalipa huduma na dawa zilizomo kwenye kitita cha mafao, na hospitali lazima iwe na mkataba na Mfuko. Machi 2024, baada ya kitita kipya kuanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama kwa kupinga bei mpya. Waliokuwa wamezoea hospitali hizo walijikuta wana kadi, wana makato, na wanatakiwa kulipa taslimu au kwenda hospitali za umma. Kwa hiyo kabla Asha hajaridhika na 892,000 zake, aangalie hospitali anayoitegemea karibu na nyumbani ina mkataba na nani leo.

Sasa slipu yenyewe. Mwezi wa kwanza wa kazi ndio wa kuikagua, kwa sababu kosa likizoea mfumo huishi miaka. Chukua kiasi ulichokatwa cha NHIF ukigawe kwa 0.03. Ukikatwa 36,000 utapata 1,200,000. Linganisha na mshahara wa msingi ulio kwenye barua. Jibu likiwa kubwa kuliko mshahara wa msingi, huenda posho zimeingizwa. Likiwa mara mbili, umebebeshwa asilimia zote 6, zako na za mwajiri. Yote mawili ni ya kuulizia siku hiyohiyo.

Kisha tazama mstari wa mshahara ghafi. Kuna programu za mishahara zinazouongeza mchango wa mwajiri kwenye mapato, halafu kuutoa tena chini kwenye makato, ili kampuni ione gharama yake yote. Kama mpangilio haukuwekwa vizuri, PAYE inapigwa kwenye tarakimu iliyovimba. Utaiona hivi: mshahara ghafi wa Asha unasomeka 1,236,000, na PAYE inasomeka 162,800 badala ya 152,000. Hizo 10,800 ni kodi juu ya mchango ambao sheria haiutozi. Kwa mwaka ni 129,600. Peleka hesabu yako uhasibuni ikiwa imeandikwa kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Wahasibu hujibu tarakimu haraka kuliko malalamiko.

Kosa baya kuliko yote halionekani kwenye slipu kabisa. Mwajiri anakukata, slipu inaonyesha umekatwa, lakini mchango haufiki kunakohusika, au unachelewa. Wa kwanza kukujulisha atakuwa mhudumu wa mapokezi hospitalini, akikwambia kadi imefungwa. Usingoje siku hiyo. Ulizia hali ya uanachama wako kwa Mfuko au kwa kampuni ya bima ukiwa mzima, na tunza slipu zote, kwa kuwa ndizo ushahidi kwamba pesa ilikwisha kutoka mkononi mwako.

Imebaki ofa ya tatu, ambayo nimeisema vibaya tangu mwanzo. Ina mtu wake. Kama mume wa Asha angekuwa mwalimu wa shule ya serikali, angekuwa anakatwa NHIF bila kuulizwa, na Asha pamoja na watoto wote wawili wangeingia kwenye kadi yake. Hapo Asha haihitaji bima ya mwajiri. Ofa ya kwanza ingemkata 36,000 kwa kadi ya pili, ambayo faida yake ingebaki kwenye nafasi za wazazi. Ya pili ingemwachia 991,000, na ya tatu 1,022,500. Aichukue ya tatu, lakini akijua kwamba kadi ya familia nzima imetegemea ajira ya mtu mmoja.

Kwa Asha tuliyeanza naye, mwenye mume anayejiajiri na watoto wawili, hukumu yangu ni ofa ya kwanza, yenye mshahara mdogo kuliko zote. Kabla ya kusaini, aiombe kampuni iandike kwenye barua mambo matatu: mchango unahesabiwa kwenye mshahara upi, mwajiri anabeba asilimia ngapi, na ni nani wanaoingia kwenye kadi. Na kama bado ana nguvu ya kujadiliana, asiombe shilingi 57,000 za nyongeza. Aulize kama kampuni iko tayari kuwabebea wafanyakazi wote asilimia zote 6.